Taa ya njano haimwoni mtoto

Panda kwenye gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani, iwe Toyota, Honda au Nissan, uangalie katikati ya dashibodi karibu na redio, au juu karibu na kioo cha kati. Utaona taa ndogo ya njano iliyoandikwa PASSENGER AIR BAG OFF. Ukifungua swichi inawaka kwa sekunde chache ikijipima, kisha inatoa jibu. Ikibaki inawaka, mfuko wa hewa wa abiria wa mbele umezimwa. Ikizimika hali kuna mtu au mzigo kitini, hesabu kwamba mfuko uko tayari kufumuka gari likigonga.

Mzazi aliyefunga kiti cha mtoto mbele huitazama taa hiyo na moyo wake unatulia. Tatizo ni kwamba taa haimtazami mtoto. Inatangaza hesabu ya nguvu inayokandamiza kiti, na kazi yenyewe ya kufunga kiti cha mtoto, ile ya kuvuta mkanda mpaka kitulie, huongeza nguvu hiyo. Kadiri unavyokifunga kwa bidii, ndivyo baadhi ya magari yanavyoweza kumdhania mtoto wa miezi mitatu kuwa mtu mzima. Wazazi wanapaswa kulijua hili kabla hawajaiamini taa.

Kwanza tuone kwa nini taa iliwekwa. Mfuko wa hewa wa mbele haufumuki polepole. Gari likigonga ukuta mgumu kwa mwendo wa kilomita 16 hadi 26 kwa saa, ikitegemea pia kama abiria amefunga mkanda, kompyuta huamua, baruti ndogo inawaka, na mfuko unajaa kabla hujapepesa jicho. Kitambaa kinaweza kuruka kwa kasi inayofikia kilomita 300 kwa saa. Mtu mzima aliyekaa wima na kufunga mkanda hukutana nao ukiwa umeshajaa na umeanza kupumua hewa yake nje kupitia matundu ya nyuma, na hapo ndipo unapomwokoa. Aliye karibu sana hukutana nao ukiwa bado unaruka.

Mtoto mchanga kwenye kiti kinachotazama nyuma ndiye aliye karibu kuliko wote. Mgongo wa kiti chake unaielekea dashibodi, sentimita chache tu kutoka kwenye kifuniko cha mfuko, na kichwa chake kiko nyuma ya plastiki ile ile itakayopigwa. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote, na shingo inayokibeba haijakomaa. Pigo linasukuma kiti na kichwa kuelekea mgongo wa kiti cha gari kwa nguvu ambayo shingo hiyo haiwezi kuistahimili. Ajali yenyewe inaweza kuwa ndogo, ya bampa tu, na waliokaa viti vingine wakatoka bila mkwaruzo.

Marekani ilijifunza hilo kwa gharama kubwa. Mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo, NHTSA, ilikadiria kwamba kati ya 1990 na 2008 watu zaidi ya 290 waliuawa na mifuko ya hewa ya mbele iliyofumuka katika ajali za mwendo mdogo. Wengi walikuwa abiria, na miongoni mwa abiria hao zaidi ya asilimia 90 walikuwa watoto, wengi wao wakiwa hawajafungwa mikanda au wakiwa kwenye viti vinavyotazama nyuma. Sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokea kwenye magari yaliyotengenezwa kabla ya 1998. Hatua ya kwanza ilikuwa kupunguza nguvu ya mifuko. Hatua ya pili ilikuja Mei 2000, kwa kanuni iliyowataka watengenezaji kumlinda abiria mdogo, ama kwa mfuko unaofumuka kwa upole, ama kwa gari linalojizimia mfuko lenyewe. Wengi walichagua kuzima, na kufikia Septemba 2006 magari yote madogo mapya nchini humo yalipaswa kutimiza kanuni hiyo. Hapo ndipo kiti kilipopewa kazi ya kupima na taa ikapewa kazi ya kutangaza.

Kanuni hiyo inapimwa kwa wanasesere wa majaribio. Kwenye gari linalojizimia mfuko, lazima uzimike akikalishwa mwanasesere wa umri wa miezi 12, wa miaka 3, na wa miaka 6 ambaye ana uzito wa kilo 23 hivi. Lazima pia uwe tayari akikalishwa mwanasesere wa mwanamke mwembamba mfupi, mwenye kilo 49 hivi. Katikati ya kilo 23 na 49 kanuni haisemi kitu, na kila mtengenezaji anachagua mwenyewe pa kuweka mpaka wake. Mtoto wa darasa la sita mwenye kilo 38 anaweza kuhesabiwa mtu mzima kwenye gari moja na mtoto kwenye jingine, na magari yote mawili yakawa mazima. Hata mama mwembamba mwenye kilo 45 anaweza kuiona taa ikiwaka akiwa amekaa, hasa akilalia mlango au akilaza mgongo wa kiti.

Je, kiti kinapimaje? Zipo njia kadhaa, na mbili ndizo zenye somo kubwa kwa mzazi.

Ya kwanza ni kuweka sensa za uzito kwenye miguu ya kiti. Kiti cha mbele hukaa juu ya reli mbili, na mahali fremu inapokutana na reli hufungwa vipande vinne vya chuma, kimoja kila pembe. Uzito ukishuka, kila kipande kinapinda kiasi kisichoonekana kwa jicho, na waya mwembamba uliobandikwa juu yake unabadili ukinzani wake wa umeme. Kompyuta inajumlisha pembe zote nne na kupata uzito wa kiti kizima pamoja na chochote kilicho juu yake, kisha inatoa uzito wa kiti kitupu inaoukumbuka kutoka kiwandani.

Ya pili hukaa ndani ya kiti chenyewe. Chini ya sponji ya makalio pamelazwa mfuko bapa wa plastiki wenye majimaji ya silikoni, na mrija mwembamba unaotoka humo unaishia kwenye kipima mgandamizo. Ukikaa, majimaji yanasukumwa na namba inapanda. Namba hiyo si uzito wote wa mtu, maana miguu iko sakafuni na mgongo umeegemea, lakini kompyuta imefundishwa namba ipi inaendana na mwili upi. Ndugu wa njia hii ni mkeka wenye nukta nyingi zinazohisi kukandamizwa, unaoangalia pia umbo la makalio. Upo vilevile mkeka unaotoa umeme hafifu na kuhisi maji ya mwili wa binadamu. Huo wa mwisho hutofautisha vizuri mtu na mzigo, ila hutatizwa na kiti kilicholowa na vifaa vya umeme vilivyowekwa juu yake.

Sasa tulete mkanda. Mfikirie baba anayefunga kiti cha mtoto mbele, mkewe akiwa amesimama mlangoni na mtoto mkononi. Mtoto ana kilo 6 na kiti chake kilo 4. Vikiwekwa tu juu ya kiti cha gari, jumla ni kilo 10, chini kabisa ya mpaka wowote, na taa inawaka. Lakini kiti cha mtoto kisichobanwa ni hatari nyingine, kwa hiyo baba anapitisha mkanda, anaegemeza goti juu ya kiti cha mtoto na kuvuta.

Kanuni ya Marekani ilikwishaliona hilo, ndiyo maana majaribio hufanywa mkanda ukiwa umevutwa kwa nguvu yoyote hadi nyutoni 134. Hiyo ni sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 13 na nusu hivi kwenye mkanda. Mkanda wa kiunoni unashuka pande mbili za kiti cha mtoto, upande wa mlango na upande wa kifungio, na kila upande unavuta kuelekea chini. Kwa kuwa haushuki wima bali umelala kidogo, tuseme kila upande unakandamiza kwa kilo 10. Juu ya sponji sasa pana kilo 10 za mtoto na kiti chake, na kilo 20 za mkanda. Jumla ni 30, tumeshampita mwanasesere wa miaka sita na kuingia kwenye lile pengo ambalo kanuni haisemi kitu. Baba mwenye mikono ya kazi akivuta maradufu ya hapo, mkanda unaongeza 40 na jumla inakuwa 50. Kwa mfuko wa silikoni ulio chini ya sponji, huyo ni mwanamke mdogo aliyekaa vizuri. Taa inazimika.

"Mama, hebu angalia, mbona imezimika?" anauliza. Mkewe anajibu kwamba huenda imeshamaliza kujipima. Jibu hilo lina mantiki yake, kwa sababu taa zote za dashibodi huwaka na kuzimika asubuhi. Ila hapa limewapotosha: gari limeamua kwamba amekaa mtu mzima na limeuweka mfuko tayari.

Wahandisi walioweka mfuko wa silikoni waliijua hesabu hii, kwa hiyo waliongeza kipimo cha pili. Chini ya mkanda, pale unapofungwa kwenye gari, waliweka sensa ya mvuto. Binadamu hawezi kuvumilia mkanda uliobana kiuno kwa nguvu hizo, kwa hiyo mvuto mkubwa ukidumu, kompyuta inaelewa kwamba kilichofungwa ni kiti cha mtoto, inaupunguza mchango wa mkanda kwenye hesabu na kuuzima mfuko. Ni kazi nzuri, ila kuna viti ambavyo havifungwi kwa mkanda. Kiti kinachonasa kwenye ndoana za Isofiksi kinaweza kuvutwa chini kwa nguvu ile ile huku sensa ya mkanda ikisoma sifuri.

Kwenye gari lenye sensa za reli hesabu ni nyingine, na inategemea mkanda umeshikiliwa wapi. Kifungio kikiwa kimefungwa kwenye fremu ya kiti juu ya sensa, mvuto wake haubadilishi chochote, kwa sababu kinachosukumwa chini na kinachovutwa juu ni kiti kile kile. Ni sawa na mtu aliyesimama juu ya mizani akajivuta mkanda wa suruali yake: sindano haisogei. Ila upande wa mlango, mara nyingi mkanda umefungwa kwenye sakafu au kwenye nguzo ya gari. Huo unakivuta kiti chote kuelekea sakafuni, na sensa zinausoma mvuto huo kama uzito. Kwa mfano wetu, pale pa kilo 50 sensa za reli zingesoma 30, na zaidi upande wa mlango kuliko wa kifungio. Gari lile lile, kiti kile kile na mikono ile ile vinatoa majibu mawili tofauti kulingana na bolti moja ilipofungwa.

Yapo na mambo yanayopotosha bila mkanda kuhusika. Kiti cha mtoto kikibanwa dhidi ya dashibodi au dhidi ya egemeo la kichwa cha gari, kinasukumwa na kusukuma, na nguvu hizo zote zinaingia kwenye hesabu. Begi la shule lililoning'inizwa nyuma ya kiti huongeza uzito kwenye sensa za reli, na vivyo hivyo magoti ya abiria wa nyuma. Kinyume chake, dumu au boksi lililosokomezwa chini ya kiti linaweza kukiinua kidogo na kuuficha uzito wa mtu mzima. Mguu wa chuma wa kiti cha mtoto unaosimama sakafuni hubeba sehemu ya mzigo. Hapo kompyuta inaweza kuona mzigo mdogo kiasi cha kudhani kiti ni kitupu, na kanuni inaruhusu taa isiwake kiti kikiwa kitupu. Kwa hiyo taa iliyozimika ina maana mbili zisizotofautika kwa macho: mfuko uko tayari, au gari limeona kiti kitupu. Mwenye mtoto hana budi kuichukulia maana ile mbaya kila mara.

Kwa kuwa hesabu hubadilika wakati wa kufunga, taa isomwe mwishoni. Mkanda uwe umeshabanwa, mtoto ameshakaa na kufungwa, goti limeshaondoka, mabegi yameondolewa nyuma na chini ya kiti, milango imefungwa. Ndipo ufungue swichi, uiache taa imalize kujipima, usubiri kidogo na kutazama. Sponji hulegea taratibu ikikandamizwa, na kompyuta nyingi huchelewa makusudi kubadili jibu ili zisiyumbe kila abiria anapojigeuza, kwa hiyo jibu la sekunde ya kwanza si la kutegemea. Taa ikizimika, zima gari, fungua kiti cha mtoto, simamisha mgongo wa kiti cha gari, funga upya na uwashe tena. Ikizimika mara ya pili, usilegeze mkanda ili kuibembeleza iwake, maana hapo umebadilisha hatari moja kwa nyingine. Kiti kihamie nyuma.

Na hata ikiwaka, watengenezaji wenyewe wanaandika kwenye miongozo yao kwamba kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa, taa iwake isiwake. Wanajua kinachoweza kuharibika. Mwaka 2014 Nissan iliyaita gereji karibu magari milioni moja Marekani kwa sababu programu ya kompyuta ya kiti iliweza kushindwa kumtambua mtu mzima. Desemba 2023 Toyota ilitangaza magari yapatayo milioni 1.12 duniani ambayo sensa zake za kiti zingeweza kupata shoti na kuuzuia mfuko usifumuke inavyotakiwa. Katika matukio hayo mawili aliyeachwa bila kinga ni mtu mzima.

Tukio la Honda la Februari 2024 ndilo linalonitia hofu, kwa sababu kosa lake linaelekea upande wa mtoto. Magari zaidi ya 750,000 yaliitwa Marekani, ya miaka 2020 hadi 2022, kwa kuwa sensa ya uzito ya kiti cha abiria ingeweza kupasuka na kupata shoti, na mfuko ukafumuka pale ulipopaswa kuzimwa. Chanzo kilikuwa kidogo mno. Mmoja wa wasambazaji wa vipuri alipatwa na maafa ya asili, ubao wa saketi ndani ya sensa ukabadilishiwa malighafi kwa muda bila kuthibitishwa vya kutosha, na ubao huo mpya haukustahimili mkazo na unyevu. Kosa kama hilo halionekani kwa kutazama kiti. Dalili yake mara nyingi ni taa nyingine kabisa, ile ya SRS yenye mchoro wa mtu na duara mbele yake, kwenye jopo la dereva. Hiyo ikiwaka na kubaki, jibu la taa ya njano halina thamani tena mpaka gari lipimwe.

Msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala atakuwa ameshajiuliza: mbona gari langu halina taa hiyo? Ni swali la haki. Magari mengi yanayoingia bandarini kwetu yalitengenezwa kwa ajili ya Japani, na kanuni ya Marekani ya 2000 haikuyahusu. Mengi yana mfuko wa abiria unaofumuka bila kujali aliyekaa ni nani. Kinachochanganya ni kwamba kiti cha baadhi ya magari hayo kina sensa, na ukiweka kilo kumi za mchele mbele, taa nyekundu ya mkanda inawaka na kelele inaanza. Watu husema, "Gari hili linajua kama kuna mtu." Linachojua ni kwamba kuna mzigo na mkanda haujafungwa. Sensa hiyo ni ya kukumbusha mkanda, na katika magari mengi ya namna hiyo haina mamlaka yoyote juu ya mfuko wa hewa.

Kulipima gari lako ni kazi ya dakika moja. Fungua swichi bila kuwasha injini na uangalie dashibodi yote, pamoja na sehemu iliyo mbele ya abiria na juu kwenye kioo. Kama hakuna taa yoyote iliyoandikwa OFF kuhusu mfuko wa abiria inayowaka hata kwa sekunde chache, chukulia kwamba gari halina uwezo wa kuuzima. Kisha shusha kizuia jua cha abiria. Pale huwa na karatasi yenye mchoro wa kiti cha mtoto kilichokatwa na mstari mwekundu. Maandishi yanaweza kuwa ya Kijapani, lakini mchoro unasomeka kwa lugha zote. Wengi huibandua siku ya kwanza ili gari lipendeze, nami naomba iachwe.

Kigali, Bujumbura, Goma na Bukavu, ambako watu huendesha kulia, magari ya Marekani na ya Ghuba yenye taa ya njano si haba, na ndugu zetu walioko Marekani na Muskati wanaishi nayo kila siku. Kwao, na kwa yeyote aliyenunua gari la namna hiyo likiwa limetumika, kuna mtego mwingine: kiti chenyewe kimepitia mikono ya nani? Fundi wa kava akikivua kitambaa na kubadilisha sponji bila kujua kuna mkeka wa sensa chini yake, anaweza kuutoboa kwa sindano au kuurudisha umejikunja. Sponji nene zaidi hueneza uzito kwa namna ambayo kompyuta haikufundishwa. Hata kufungua bolti nne za kiti ili kutoa zulia likafuliwe, kisha kuzirudisha kwa kukaza visivyo sawa, kunaacha sensa za reli zikiwa na mkazo zisioujua, na sifuri yake si sifuri tena.

Dawa yake ipo na si ngumu kwa fundi mwenye kifaa. Kwenye Toyota zenye sensa hizo, utaratibu ni kuunganisha mashine ya kupimia, kiti kikiwa kitupu na gari limesimama mahali tambarare, kisha kuiagiza kompyuta ijifunze sifuri upya. Halafu fundi anaweka juu ya kiti uzito wa kilo 30 kamili na kusoma namba kwenye skrini: inatakiwa iangukie kati ya 27 na 33. Ikitoka nje ya hapo, bolti za kiti zinalegezwa, zinakazwa upya, na kazi inarudiwa. Ukitoka gereji baada ya kiti kufunguliwa, mwombe fundi akuonyeshe namba hiyo. Fundi aliyeifanya kazi hatakasirika.

Gereji nyingine hutoa njia ya mkato, mafundi wakichoka na taa ya SRS isiyozimika. Wanachomeka kijidude kidogo chini ya kiti badala ya sensa, na taa inanyamaza. Kijidude hicho huiambia kompyuta jibu moja siku zote, awe amekaa nani. Kuchomoa fyuzi ya SRS ndiko kubaya zaidi, kwa sababu kunaweza kuondoa pamoja na mfuko wa abiria ule wa dereva na vikaza mikanda vyake.

Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya yalifuata njia nyingine. Huko, chini ya agizo la Umoja wa Ulaya la 2003, kiti kinachotazama nyuma hakiruhusiwi mbele ya mfuko ulio hai. Lazima uwe umezimwa. Magari mengi ya huko yana swichi ya ufunguo. Fungua mlango wa abiria, angalia ubavuni mwa dashibodi au ndani ya kijisanduku cha mbele, utaona tundu lenye maneno ON na OFF. Hapa uzito hauhusiki: mtu anaamua, mfuko unazimika, na taa ya OFF inawaka hata kiti kikiwa kitupu. Kwa pikapu isiyo na viti vya nyuma, ambamo mtoto hana pengine pa kukaa, swichi ya namna hii ndiyo njia ninayoiamini kuliko kiti kinachokisia. Kasoro yake ni usahaulifu. Mtoto akishushwa na bibi akapanda mahali pake, ufunguo usiporudishwa ON, bibi anasafiri bila mfuko.

Mtoto mkubwa kidogo, anayetazama mbele, hana hatari ile ya mgongo wa kiti kupigwa, lakini kichwa chake bado kiko kwenye njia ya mfuko. Ndiyo maana NHTSA inashauri watoto wa miaka 12 kushuka chini wakae nyuma. Ikilazimu akae mbele, sukuma kiti cha gari nyuma mpaka kifike mwisho wa reli kabla hujamfunga, uhakikishe mgongo wake unagusa mgongo wa kiti, kisha uirudie taa na kuisoma upya: kiti kinaposogezwa, kinachokigusa kwa nyuma na kwa chini hubadilika, na hesabu ya uzito nayo inaweza kubadilika.